Nadi na bhakut: alama 15 zinazowatia watu hofu ya maradhi na watoto

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mgujarati, mzaliwa wa Tanga, na nimeposwa na kijana wa Jamnagar. Maharaji wa kwao, kuhani mnajimu, ametulinganisha nyota, tumepata 19 kati ya 36, lakini nadi ni sifuri na bhakut ni sifuri. Ba yake, mama mzee wa nyumba yao, anasema tukioana tutazika watoto, au nitaugua maisha yangu yote. Kwenye karatasi yao nimeandikiwa 02:15, Rohini, Mwezi Vrishabha 21°05'. Mwenzangu ni Shravana pada ya kwanza, Makara. Kadi yangu ya kliniki inasema nilizaliwa saa 2:15 asubuhi. Mama hali, halali. Je, ni kweli? Na kwa nini hizi mbili zinaogopwa kuliko zote?"*

Marahaba, binti yangu. Usivunje chochote kwanza. Katika maelezo yako kuna saa ambayo naamini imesomwa vibaya, na ikiwa ni hivyo, nadi yako si hiyo waliyokuandikia. Nitaifikia. Lakini hata kama saa ingekuwa sawa, habari ya kuzika watoto haitoki kwenye alama hizo kwa njia uliyoelezwa, na ni haki yako kujua imetokea wapi.

Ulinganisho huu wa ashtakut hauangalii janmakshar nzima, yaani ramani yote ya anga ya saa ya kuzaliwa. Kwa kila mtu unachukua kitu kimoja tu: Mwezi ulikuwa wapi angani alipozaliwa. Njia ya Mwezi imegawanywa katika nakshatra 27, kila moja nyuzi 13 na dakika 20, yenye robo nne ziitwazo pada, na Mwezi huivuka moja kwa karibu siku nzima. Njia hiyohiyo imegawanywa tena katika rashi 12 za nyuzi 30, na humo Mwezi hukaa siku mbili na robo hivi. Wazee wa falaki wa pwani yetu wana hesabu ya jamaa na hiyo, manazili 28 za Mwezi, na nyota ya Rohini wao huiita Dabarani. Kutokana na nakshatra na rashi za watu wawili hupimwa mambo manane, na alama zake hupanda moja moja: varna 1, vashya 2, tara 3, yoni 4, graha maitri 5, gana 6, bhakut 7, nadi 8. Jumla ni 36, na 18 ndicho kiwango cha kupita.

Ona basi uzito ulivyokaa. Bhakut na nadi peke yake zimebeba 15 kati ya 36. Ninyi mmezikosa zote 15, zikabaki 21, na katika hizo 21 mmepata 19. Zilizopungua ni mbili tu za yoni, kwa kuwa Rohini huhesabiwa nyoka na Shravana nyani. Kwa hiyo katika mambo sita mengine mfumo huohuo unawaona mmeelekeana kuliko wengi. Maharaji hakusema mmeshindwa hesabu, maana 19 inapita. Alichosema ni kwamba kuna dosha, yaani kasoro, na kwa desturi ya Gujarati na India ya kaskazini kwa jumla, dosha ya nadi haifidiwi na wingi wa alama nyingine. Mtu anaweza kupata 28 na bado akakataliwa, kwa sababu 28 ni 36 ukitoa nadi.

Nianze na bhakut, kwa kuwa ndiyo iliyoleta neno la watoto kwenye masikio ya mama yako. Hapa hutazamwa rashi mbili tu na umbali kati yake. Hesabu kutoka rashi yako, Vrishabha, ukiihesabu yenyewe kuwa ya kwanza: Mithuna ya pili, Karka ya tatu, Simha ya nne, Kanya ya tano, Tula ya sita, Vrishchika ya saba, Dhanu ya nane, Makara ya tisa. Ukihesabu kutoka kwake kuja kwako unapata tano. Ndiyo tano kwa tisa. Kuna jozi tatu zinazopewa sifuri: mbili kwa kumi na mbili, tano kwa tisa, na sita kwa nane. Zilizobaki, yaani rashi moja, tatu kwa kumi na moja, nne kwa kumi, na saba kwa saba, hupewa 7 kamili. Hakuna alama ya katikati. Ni saba au sifuri.

Maana ya zile jozi tatu imeandikwa katika Muhurta Chintamani, kitabu cha kuchagulia nyakati njema kilichotungwa Kashi, yaani Varanasi, mwaka 1600, na ambacho maharaji wengi wa kaskazini bado wanakifuata. Kinasema kwa ufupi kwamba sita kwa nane ni mauti, tisa kwa tano ni kupotelewa na uzao, na mbili kwa kumi na mbili ni ufukara. Basi. Ba hakutunga kitu. Amerudia ubeti ambao watu wa ukoo wake wameusikia vizazi kwa vizazi.

Ukiuliza kwa nini tano ni watoto na sita ni maradhi, jibu liko kwenye nyumba za janmakshar. Nyumba ya tano ni ya watoto, ya sita ni ya maradhi, madeni na maadui, ya nane ni ya mauti, ya pili ni ya mali na ya kumi na mbili ni ya matumizi na hasara. Waliotunga kanuni ya bhakut walichukua maana za nyumba hizo wakazihamishia kwenye umbali kati ya Mwezi wa mume na Mwezi wa mke. Uhamisho huo ndio wote. Angalia pia kwamba nyumba ya tano na ya tisa, ukizisoma ndani ya janmakshar ya mtu mmoja, zinahesabiwa kuwa nyumba za baraka kuliko zote. Zikiwa kati ya watu wawili ndipo zinageuka za msiba. Wanazuoni wenyewe wameliona jambo hili, na ndiyo maana tano kwa tisa imewekewa njia za kufutwa.

Nadi ni habari nyingine. Hapa rashi haihesabiwi kabisa, ni nakshatra tu. Nakshatra zote 27 zimegawanywa mafungu matatu, tisa tisa: Adi, Madhya na Antya. Mgawanyo unakwenda na kurudi. Ashvini ni Adi, Bharani Madhya, Krittika Antya. Kisha unageuka, Rohini Antya, Mrigashira Madhya, Ardra Adi. Kisha unageuka tena, Punarvasu Adi, Pushya Madhya, Ashlesha Antya, na kuendelea hivyo hadi Revati. Mkiwa fungu moja mnapewa sifuri, mkitofautiana mnapewa 8. Shravana ni Antya na Rohini ni Antya, ndiyo sifuri yenu.

Mafungu hayo yamefungamanishwa na tiba ya Ayurveda. Adi ni vata, ambayo ni upepo; Madhya ni pitta, nyongo; Antya ni kapha, kohozi. Tiba hiyo inasema mwili una afya pale vitatu hivyo vinapokaa kwa kiasi chake, na kimoja kikizidi mtu anaugua. Hivyo watu wawili wa tabia moja wakioana, kinachozidi kwa baba kinazidi kwa mama, na mtoto anazaliwa akiwa na mzigo mara mbili. Hapo ndipo nadi iliposhika afya na uzazi kwa pamoja. Bhakut ya tano kwa tisa inatisha kuhusu watoto, ya sita kwa nane inatisha kuhusu afya, lakini nadi inatisha kuhusu vyote viwili kila inapotokea. Ndiyo sababu ikapewa alama nyingi kuliko zote.

Na ukumbuke kanuni hizi zilishikwa na watu wa namna gani. Msichana aliolewa mdogo, akajifungua mdogo, na uzazi uliua. Hata mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Waingereza, India ilikuwa inazika takriban mtoto mmoja kati ya watano kabla hajatimiza mwaka. Mjane wa tabaka la juu hakuolewa tena. Sheria ya kumruhusu ilikuja mwaka 1856, na desturi haikuifuata upesi. Mimba ikiharibika, aliyeulizwa ni mke. Katika nyumba kama hizo, mtu anayedai kuuona msiba kabla ya harusi anasikilizwa kuliko mtu yeyote, na kila mtoto aliyefariki anakuwa ushahidi wa dosha fulani. Waliofariki watoto wao na nadi zao zilikuwa tofauti hawakutajwa, maana hawakuwa na kitu cha kuonyesha.

Hapa nataka ufanye hesabu moja pamoja nami. Nadi ziko tatu na zina nakshatra tisa tisa, kwa hiyo ukiwachukua mwanamume na mwanamke yeyote bila kuchagua, nafasi ya kuwa na nadi moja ni theluthi moja. Bhakut ina umbali 12 unaowezekana na sita kati yake ni sifuri, kwa hiyo nafasi ni nusu. Ukivichukua viwili hivyo kama vitu visivyotegemeana, theluthi mbili hivi za ndoa zote duniani zina angalau moja ya dosha hizi. Tembea Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, kwa Wasambaa, Wadigo, Waarabu, Wabohora, watu ambao hawajawahi kuulizana nakshatra: katika kila ndoa tatu, moja hivi ina nadi dosha. Kama kweli nadi moja ingekuwa inazika watoto, tungeiona mitaani bila kufungua kitabu chochote.

Siku hizi wapo wanaojaribu kuiokoa kanuni kwa kuivalisha koti la daktari. Wanasema nadi ni kundi la damu, au nadi ni jeni, kwamba wahenga walijua mapema habari ya ndugu kuoana. Hili linanisumbua kuliko lile la zamani, kwa sababu linamfanya mtu aamini ameshapimwa. Nadi inatokana na siku ambayo Mwezi ulipita mahali fulani. Watoto wote waliozaliwa dunia nzima katika siku hiyo moja hivi, Tanga, Lima au Tokyo, wana nakshatra moja na nadi moja. Na ndugu wa tumbo moja, baba mmoja mama mmoja, kwa kawaida wana nadi tofauti, kwa sababu walizaliwa miezi na siku tofauti. Kwa kipimo cha nadi, kaka na dada wanaweza kupata 8 kamili. Binamu wa kwanza vilevile. Kitu ambacho hakiwezi kumtambua ndugu yako wa damu hakiwezi kuwa kipimo cha damu. Jamii zenu zina njia nyingine kabisa ya kuzuia ndugu kuoana, nayo ni kutazama gotra, na kwa Walohana nukh. Hiyo inafuata ukoo. Nadi haifuati ukoo.

Sasa turudi kwenye saa yako. Kadi yako inasema saa 2:15 asubuhi. Kwa Kiswahili hiyo ni saa mbili na robo baada ya kupambazuka, yaani 08:15. Karatasi ya Jamnagar inasema 02:15, ambayo ni usiku wa manane. Mtu ameitazama kadi, ameona 2:15, ameona "asubuhi", akaandika kama anavyohesabu yeye. Amekuzalisha saa sita kabla ya wakati wako.

Huenda pia kosa ni kubwa zaidi. Tazama kwenye karatasi hiyo mahali palipoandikwa pa kuzaliwa. Ikiwa wameacha Jamnagar, au wameandika Tanga lakini wakaacha saa za India, kuna saa mbili na nusu nyingine. Saa za kwetu ni UTC+3, za India ni UTC+5:30. 08:15 ya Tanga ni 10:45 ya India, na wao wameweka 02:15. Tofauti inafika saa nane na nusu.

Mwezi hutembea nusu nyuzi na ushee kidogo kwa saa. Kwa saa sita unakwenda karibu nyuzi tatu na dakika 20. Ukiwa na mwendo wa polepole kabisa, karibu nyuzi tatu. Rohini inaishia Vrishabha 23°20'. Wao wamekuweka 21°05'. Ukiongeza nyuzi tatu tu unapata 24°05', na umeshaivuka Rohini ukaingia Mrigashira, pada ya kwanza. Kwa saa nane na nusu unafika kati ya 25 na 26 na nusu, bado Mrigashira, bado pada ya kwanza, bado Vrishabha. Na Mrigashira ni Madhya, si Antya.

Ukilinganishwa upya kwa Mrigashira na Shravana, varna inabaki 1, vashya 2, tara 3, yoni 2 kwa sababu Mrigashira nayo ni nyoka, graha maitri 5, gana 6, bhakut sifuri kama ilivyokuwa, na nadi 8. Jumla 27. Alama nane zimerudi zote, na hakuna mtu aliyeomba dua wala kutoa ng'ombe.

Usinichukulie kwa neno langu. Kuna njia ya kuona kosa hilo kwa macho yako kwenye karatasi ileile. Tafuta ule mchoro wa almasi wenye nyumba 12. Nyumba ya juu katikati ni ya kwanza, na hesabu inakwenda kinyume cha mshale wa saa, yaani kuelekea kushoto kwako. Tafuta Surya, Jua, limeandikwa nyumba gani. Anayezaliwa jua likichomoza, Surya hukaa nyumba ya kwanza. Saa mbili hivi baada ya hapo hupanda nyumba ya kumi na mbili, hapo jirani. Anayezaliwa saa nane usiku, Surya yuko chini, kwa kawaida nyumba ya tatu. Mama yako anakumbuka kama kulikuwa na jua dirishani ulipozaliwa. Ukiona Surya iko ya tatu, wamekuandikia usiku.

Jambo moja zaidi la hesabu, kisha niliache. Wanajimu wa India hawakubaliani wote kuhusu nyuzi za kutoa ili kupata mahali pa Mwezi kwa mfumo wao. Wengi hutumia kipimo cha Lahiri, kilichochukuliwa na kamati ya serikali ya India ya kurekebisha kalenda katika miaka ya 1950. Wengine hutumia cha Raman, na viwili hivyo hutofautiana karibu nyuzi moja na nusu. Kwa mtu ambaye Mwezi wake uko karibu na mpaka, kubadili kipimo tu kunabadili nadi. Wewe ukisharekebishiwa saa, ikiwa karatasi yao ni ya Lahiri, vipimo vyote viwili vinakuacha Mrigashira, kwa hiyo halikuhusu sana. Angalieni ya mwenzako: Shravana pada ya kwanza inaanza Makara 10°00', na nyuma yake ni Uttara Ashadha, lakini hiyo nayo ni Antya. Si kila mpaka unabadili nadi.

Basi imebaki bhakut, tano kwa tisa, ambayo saa haiifuti kwa kuwa bado uko Vrishabha. Hii inafutwa na kanuni zao wenyewe. Kanuni inayokubalika karibu na kila maharaji ni kwamba wenye rashi hizo mbili wakiwa ni sayari moja, au wakiwa marafiki, bhakut dosha haina nguvu. Mwenye Vrishabha ni Shukra, yaani Zuhura, na mwenye Makara ni Shani, yaani Zohali. Shukra anamhesabu Shani rafiki, na Shani anamhesabu Shukra rafiki. Ndiyo maana mmepata 5 kati ya 5 kwenye graha maitri, karatasi hiyohiyo, mistari miwili tu juu yake. Mtu anayekuonyesha sifuri ya bhakut bila kukuonyesha tano ya graha maitri amesoma nusu ya kanuni. Kuna maharaji ambao dosha ikifutwa huzirudisha alama 7, na wapo wanaoiacha sifuri kwenye jumla na kusema tu haina madhara. Yote mawili yapo, usishangae ukiona jumla tofauti.

Na tuseme, kwa ajili ya Ba, kwamba saa ingekuwa 02:15 kweli na nadi ikabaki moja. Nadi ina njia zake za kufutwa: nakshatra moja lakini pada tofauti, rashi moja lakini nakshatra tofauti, nakshatra moja iliyokatika katika rashi mbili. Hizo zisingewahusu ninyi, maana Rohini na Shravana ziko mbali. Lakini kuna ubeti ambao baadhi ya maharaji huutaja, unaoorodhesha nakshatra chache ambazo nadi dosha haizishiki, na Rohini na Shravana zote zimo. Upo pia ubeti unaosema nadi dosha ni ya Mabrahmani, na matabaka mengine yana dosha zao za kutazama. Ukienda kwa Watamil, kipimo chao cha mambo kumi kwa kawaida hakina nadi kabisa. Wanachokiogopa wao ni rajju, nacho wanakihusisha na uhai wa mume. Watu wa dini moja, anga moja, na kila eneo limechagua la kuogopa.

Kwa anayetaka kweli kujua habari za watoto kwa jyotish yenyewe, yaani unajimu wa Kihindi, hapo si mahali pake pa kutazama. Zipo zana nyingine zilizowekwa kwa kazi hiyo: nyumba ya tano na mwenyewe, Guru, yaani Mshtarii, ambaye ndiye sayari ya watoto, mchoro wa saptamsha, na hesabu za bija na kshetra zinazojumlisha mahali pa Surya, Shukra na Guru kwa mwanamume, na Chandra ambaye ni Mwezi, Mangal ambaye ni Mirihi, na Guru kwa mwanamke. Maharaji aliyetamka neno zito kama kuzika watoto akiwa ametazama Mwezi peke yake amevuka mpaka wa fani yake mwenyewe. Muulizeni kwa adabu: saptamsha zao ameziona? Na akijibu kwamba dawa ni jap, dua ya kurudiarudia, ya Maha Mrityunjaya mara 125,000 kwa malipo makubwa, mwombeni kwanza arekebishe saa. Dua ni njema wakati wowote, lakini isiuzwe kwa hofu iliyotokana na kusoma kadi vibaya.

Nimebakiza jambo ambalo mimi nalihesabu zito kuliko yote niliyoandika juu. Hofu yenu ya watoto ina mahali pake pa kweli, na alama 36 hazipagusi. Walohana, Wabhanushali wa Kachchh na Wasindhi ni miongoni mwa jamii zenye wabebaji wengi wa thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mbebaji haumwi, pengine damu yake ni kidogo kidogo tu, naye anaambiwa ale mboga za majani. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto atakayehitaji kuongezewa damu maisha yake yote. Mnaweza kuwa na 36 kati ya 36 na mkawa wabebaji wote wawili. Mnaweza kuwa na nadi moja na msiwe na tatizo lolote.

Kipimo ni cha damu, cha kawaida. Huanzwa na picha kamili ya damu. MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu, ikiwa chini ya 80, au MCH, yaani hemoglobini iliyomo ndani ya kila seli, chini ya 27, hufuatwa na kipimo cha aina za hemoglobini, na HbA2 ikizidi asilimia 3.5 mtu huhesabiwa mbebaji. Mwambie daktari kama una upungufu wa madini ya chuma, kwa sababu upungufu huo unaweza kuishusha HbA2 na kuficha ubebaji. Kipimo hichohicho cha hemoglobini kinaonyesha pia selimundu. Akianza mmoja wenu akakutwa si mbebaji, thalasemia ya kurithi kutoka pande zote mbili imeondoka mezani. Mkikutwa wote wabebaji, bado si mwisho wa uchumba; kuna madaktari wa ushauri wa kurithi na vipimo vya mtoto tumboni mimba ikiwa changa, na mtaamua mkiwa mnajua.

Pimeni pia kundi la damu pamoja na Rh. Mama akiwa Rh hasi na baba Rh chanya, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga inayoshambulia damu ya mtoto wa mimba zinazofuata. Zamani familia iliona mtoto wa kwanza mzima na wanaofuata wanafariki, na haikujua kwa nini. Leo kuna sindano ya anti-D, inayotolewa kwa kawaida katika wiki ya 28 ya mimba, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto akiwa Rh chanya.

Kwa Jamnagar tuma ujumbe mfupi, usibishane. Mpe mama auandike, kwa kuwa neno la mama kuhusu saa ya kuzaa halipingwi na Ba yeyote. Aandike tarehe, 08:15 kwa saa za Afrika Mashariki, UTC+3, Tanga, 5°04' kusini, 39°06' mashariki, na aweke picha ya kadi huku akieleza kwamba kwa Kiswahili saa mbili asubuhi ni 08:00 yao. Aombe janmakshar itolewe upya kwa kipimo kilekile walichotumia, na saa ya kijana nayo ithibitishwe kutoka kwenye cheti chake. Katika ujumbe huohuo aseme kwamba wewe unakwenda kupima damu wiki hii na mngependa kijana naye apime, majibu yaonwe na pande zote mbili kabla ya sagai, sherehe ya uchumba.